Ukipandisha bei, mwandikie mteja wako kama mtu unayemjua

Saa kumi na moja na nusu alfajiri kijana wa kusambaza mikate anashusha kreti mbele ya duka. Mwenye duka ameshatenga hela ya mikate 40 kwa bei ya jana, shilingi 44,000, ameikunja na kuiweka chini ya daftari. Kijana anaipokea, anaihesabu, kisha anasema, "Bosi kasema kuanzia leo mkate ni elfu moja na mia mbili." Akiulizwa kwa nini, hana jibu, maana naye kaambiwa hivyohivyo wakati anapakia. Mwenye duka atalipa tu. Watoto wanakwenda shule baada ya muda mfupi na mama zao watakuja kutafuta mkate. Lakini mchana, duka likitulia, atachukua simu na kuulizia bekari nyingine inauzaje.

Biashara nyingi ndogo hupandisha bei kwa namna hii, iwe ni bekari, msambazaji wa maji, fundi wa kushona sare za shule au mwenye gari la kubeba mizigo. Mteja aliyenunua kwako miaka sita anaipata habari dakika ileile anayotakiwa kulipa, tena kutoka kwa mtu asiyeweza kumjibu swali hata moja. Akihama, mwenye biashara husema wateja siku hizi hawana uaminifu. Mimi naona kosa liko kwa mwenye biashara. Mteja wa zamani huvumilia bei mpya mara nyingi kuliko tunavyodhani. Asichovumilia ni kushtukizwa, na kuona kwamba miaka yake yote kwako haikumpa hata wiki mbili za kujipanga.

Dawa yake ni barua fupi ya ukurasa mmoja, inayoandikwa na mwenye biashara mwenyewe na kufika kabla ya bei. Ugumu wa barua hii hauko katika lugha. Uko katika hesabu inayotakiwa kufanyika kabla ya kuandika, na katika kukubali kumwonyesha mteja sehemu ya hesabu hiyo.

Tuchukue bekari ya mfano, ya ukubwa unaopatikana katika miji yetu mingi. Inatoa mikate 1,000 kwa siku, ya gramu 400, na kuiuzia maduka kwa shilingi 1,100. Duka linauza 1,300. Mfuko wa unga wa kilo 50 unatoa mikate kama 180 ukiondoa inayoungua na inayokaa vibaya. Mfuko huo ulikuwa shilingi 72,000, maana yake kila mkate ulibeba unga wa shilingi 400. Sasa mfuko umefika shilingi 90,000, na unga wa mkate mmoja ni shilingi 500. Sukari, mafuta, hamira, mifuko ya nailoni na dizeli ya gari la kusambaza vimeongeza shilingi 20 nyingine. Gharama inayotembea na kila mkate, ambayo ilikuwa shilingi 800, sasa ni 920.

Zamani kila mkate uliiachia bekari shilingi 300, sasa unaiachia 180. Kwa siku ni kushuka kutoka shilingi 300,000 hadi 180,000, na humo mwenye bekari bado hajalipa mishahara, kodi ya jengo na umeme. Tuseme hivyo vitatu vinakula shilingi 150,000 kila siku. Faida iliyokuwa shilingi 150,000 imebaki 30,000. Mwenye bekari huyu hana namna, lazima apandishe. Akipandisha kwa shilingi 100, kila mkate utamwachia 280.

Hapa hofu huingia, na hofu hiyo ndiyo inayowafanya watu wapandishe kimyakimya. Basi na tuihesabu. Asipopandisha anapata shilingi 180,000 kwa siku kabla ya matumizi ya kudumu. Akipandisha, anafikia kiasi hichohicho kwa kuuza mikate 643. Kwa maneno mengine, ingebidi apoteze zaidi ya mikate 350 kati ya 1,000 ndipo kupandisha kumtie hasara kuliko kukaa kimya. Hesabu hii haimruhusu kudharau wateja, kwa sababu duka lililohama halirudi kwa urahisi, na likihama huondoka pia na keki na skonzi lilizokuwa linachukua. Inachomwambia ni kwamba ana nafasi ya kusema ukweli. Hana haja ya kupandisha kwa mlango wa nyuma.

Mlango wa nyuma unaojulikana sana ni kupunguza donge. Bei inabaki 1,100, mkate unapungua gramu 40, na nailoni bado imeandikwa gramu 400. Kwa Tanzania, huko ni kukaribisha maofisa wa Wakala wa Vipimo. Lakini hata kabla yao, mama anayekata vipande vya watoto kila asubuhi atajua. Atamlalamikia mwenye duka, naye hataweza kumtetea mtu ambaye hakumwambia kitu.

Sasa turudi kwenye barua. Mteja anaisoma akitafuta jibu la swali moja: je, huyu amebanwa na gharama, au ameona sina pa kwenda? Mwaka 1986 wanazuoni watatu, Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler, walichapisha utafiti ambao kila mwenye biashara angefaidika kuujua. Waliwapigia simu wakazi wa miji ya Kanada na kuwapa visa vifupi vya kuamua kama ni haki au si haki. Katika kisa kimoja, duka lililokuwa likiuza sepetu za kuondolea theluji kwa dola 15 linapandisha hadi dola 20 asubuhi baada ya theluji kubwa kuanguka. Asilimia 82 walisema si haki. Katika kingine, saladi imeadimika na muuzaji amenunua kila kichwa kwa senti 30 zaidi ya kawaida, naye akaongeza senti 30 zilezile kwa wateja. Asilimia 79 walisema ni sawa.

Visa vyote viwili vina bidhaa iliyopanda bei na mnunuzi aliyelipa zaidi. Tofauti ni sababu. Watu wanakubali muuzaji ajikinge na hasara, hata kama mzigo wote unaishia kwao. Wanachokataa ni muuzaji kutumia shida yao kujiongezea. Kwa hiyo sababu ndiyo moyo wa barua. Nayo haina budi kuwa sababu ambayo mteja anaweza kuikagua mwenyewe.

Hapo ndipo barua zetu nyingi zinapoanguka. Tumerithi mtindo wa ofisi: YAH, kisha "husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha "kutokana na kupanda kwa gharama za uendeshaji, uongozi umelazimika kufanya marekebisho ya bei", na mwishoni "tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza". Mwenye duka akimaliza kusoma hajui kilichopanda, kimepanda kwa kiasi gani, wala huo uongozi ni nani wakati bekari ni ya mtu mmoja anayemjua kwa sura. Gharama za uendeshaji hazikaguliki. Bei ya mfuko wa unga inakagulika, kwa sababu huenda mwenye duka mwenyewe anauza unga. Bei ya dizeli pia inakagulika: EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kule Kenya EPRA hutangaza zao kila tarehe 14. Anayesafirisha mizigo akiandika kwamba dizeli imepanda kwa kiasi fulani tangu mwezi fulani, mteja anaweza kulithibitisha kwa kuuliza tu kituoni.

Utafiti uleule wa Kanada ulikuwa na kisa cha tatu. Duka la vyakula lina akiba ya miezi kadhaa ya siagi ya karanga rafuni na stoo. Mwenyewe anasikia kwamba bei ya jumla imepanda, na papo hapo anapandisha ile akiba aliyokwisha kuinunua kwa bei ya chini. Wengi wa waliohojiwa walisema si haki. Mfanyabiashara atabisha kwamba fedha aliyoipata itabidi inunue mzigo mpya kwa bei mpya, na kwa hesabu za stoo ana hoja. Lakini mteja haoni hivyo, na barua inaandikwa kwa ajili ya mteja.

Kwa bekari yetu jambo hili lina faida iliyojificha. Tuseme siku unga ulipopanda, stoo ilikuwa na mifuko 80. Mifuko hiyo inatoa mikate 14,400, yaani kazi ya wiki mbili. Mwenye bekari akiwapa wateja wake wiki mbili za bei ya zamani, unga wa siku hizo ni ule alioununua kwa bei ya zamani. Ule muhula unaoonekana kama zawadi kubwa kwa mteja umemgharimu kidogo mno. Na akieleza hivyo katika barua, tarehe ya kuanza bei mpya inakuwa na mantiki. Mteja anaona kwamba haikuchaguliwa tu kwa sababu ni mwanzo wa wiki.

Mwenye duka naye anazihitaji wiki mbili hizo. Wapo aliowakopesha mkate kwa daftari mpaka mwisho wa mwezi, kwa bei aliyowaambia. Huenda ana kantini ya shule anayoipelekea mikate kwa makubaliano ya muhula mzima. Lazima aongee na watu hao kabla yeye mwenyewe hajaanza kulipa zaidi. Wateja wa mkataba ni habari nyingine kabisa: kama hoteli imesaini bei mpaka Desemba, barua haiwezi kuipandisha mwezi Septemba, na kujaribu kufanya hivyo ni kumfundisha mteja kwamba sahihi yako haina thamani. Nenda ukazungumze naye, ukubali akikataa, na ujipange upya mkataba ukiisha.

Barua yenyewe ningeiandika hivi. Juu kuna jina la mteja, au la duka lake, limeandikwa kwa mkono kama halikuchapwa.

"Kuanzia Jumatatu tarehe 15, mkate wa gramu 400 tutakuuzia kwa shilingi 1,200 badala ya shilingi 1,100. Mpaka Jumapili tarehe 14 utaendelea kuchukua kwa bei ya sasa.

Sababu kubwa ni unga. Mfuko wa kilo 50 tuliokuwa tukiununua kwa shilingi 72,000 sasa ni shilingi 90,000. Ukiweka na vitu vingine vidogovidogo, kila mkate umetuongezea gharama ya shilingi 120. Tumeongeza shilingi 100, na 20 tumezibeba sisi. Unga uliopo stoo tuliununua kwa bei ya zamani, ndiyo maana hatupandishi leo.

Uzito wa mkate utabaki gramu 400, na gari litaendelea kufika kwako kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Hatutapandisha tena kabla ya miezi mitatu kuisha. Bei ya kuuzia ni uamuzi wako. Ukiuza 1,400, faida yako kwa kila mkate inabaki shilingi 200 kama ilivyo sasa.

Umechukua mkate kwetu tangu mwaka 2017, na tulitaka ulisikie hili kutoka kwetu mapema. Kama una swali au oda yako inabadilika, nipigie mimi mwenyewe kwa namba iliyo hapa chini."

Kisha jina na sahihi ya mwenye bekari, basi.

Bei mpya imekaa katika sentensi ya kwanza, pamoja na tarehe. Waandishi wengi huona ni adabu kuanza na shukrani, historia ya kampuni na hali ya dunia, halafu bei ijifiche katika aya ya nne. Mtu mwenye duka akipokea bahasha kutoka kwa msambazaji wake anajua kuna jambo. Kila sentensi ya shukrani unayomrundikia kabla ya bei inamwongezea wasiwasi, na akishaiona bei anarudi kuzitazama zile shukrani kama chambo. Shukrani iliyoko mwishoni, yenye mwaka alioanza kununua, inaaminika zaidi kwa sababu haimwombi kitu tena. Inaonyesha pia kwamba umefungua daftari lako na kumtafuta. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hili ni mojawapo ya matumizi yake ambayo watu huyasahau.

Sentensi ninayoipenda kuliko zote ni ile ya shilingi 120, 100 na 20. Mwenye bekari angeweza kuongeza 120 zote na bado awe upande wa haki, kama yule muuzaji wa saladi. Lakini shilingi 20 alizozibeba zinamwonyesha mteja kwamba nyumba zote mbili zimeguswa. Zinasaidia pia kwa jambo la kawaida kabisa: bei ya 1,220 ingemtesa kila mtu kwa chenji. Angalizo langu ni moja. Sentensi hii iandikwe tu kama ni kweli. Mwenye duka anayeuza unga atafanya hesabu hiyo kwenye kikokotoo cha simu yake, na akikuta umeongeza zaidi ya ulichotaja, barua nzima imekufa. Kosa la kawaida ni kuandika kwamba unga umepanda kwa asilimia 25, ukitegemea msomaji akubali mkate nao upande kwa asilimia 25. Unga ni sehemu tu ya mkate. Shilingi 100 juu ya 1,100 ni asilimia tisa, na hiyo ndiyo namba ya kweli.

Halafu kuna faida ya mwenye duka. Barua inayomwendea muuzaji wa rejareja ina msomaji wa pili, yaani yule mama anayekuja na noti ya elfu mbili saa kumi na mbili asubuhi. Mwenye duka ndiye atakayesimama mbele yake na kueleza kwa nini chenji imepungua. Ukimwandikia kana kwamba yeye ndiye mlaji, umemwacha peke yake. Ningeambatanisha karatasi ndogo ya kubandika karibu na rafu ya mikate, yenye sentensi mbili tu: kwamba unga umepanda, na kwamba kuanzia tarehe fulani mkate utauzwa kwa bei mpya na uzito ni uleule. Sehemu ya bei iachwe wazi aijaze mwenyewe. Karatasi hiyo haigharimu kitu, na inamwondolea lawama mtu anayekuuzia mikate 40 kila siku.

Vipo vinavyokatazwa katika barua hii. Usichanganye bei mpya na madai. Kama mteja anachukua kwa mali kauli na ana deni la wiki tatu, mdai kwa njia nyingine, siku nyingine. Barua inayosema bei imepanda na pia tunaomba ulipe malimbikizo inasomwa kama kufukuzwa. Wala usiandike kwamba bekari zote za mtaa zimekubaliana kupandisha. Watu huliandika hili wakidhani linawapa nguvu. Kwa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupatana bei, na barua ya namna hiyo ni ushahidi uliousaini kwa mkono wako. Kama wenzako wamepandisha, mteja ameshasikia.

Ahadi ya miezi mitatu ni ya kupimwa vizuri. Anayeogopa unga utapanda tena aandike mwezi mmoja, au asiandike kabisa. Kupandisha mara ya pili ndani ya ahadi ni kubaya kuliko kutoahidi. Vilevile usiahidi kushusha unga ukishuka kama huna nia hiyo. Mteja uliyemfundisha kuangalia bei ya mfuko ataendelea kuiangalia, na siku ikishuka hadi 75,000 atakuja kuuliza. Hiyo ndiyo gharama ya kutoa sababu inayokagulika, na naona ni haki yake kuuliza.

Ziko kampuni kubwa zilizojifunza haya kwa maumivu. Julai 2011 Netflix ya Marekani ilitenganisha huduma zake mbili, filamu za mtandaoni na DVD zinazotumwa kwa posta, ambazo mteja alikuwa akizipata pamoja kwa dola 9.99 kwa mwezi. Aliyetaka zote mbili sasa alitakiwa kulipa dola 15.98, ongezeko la karibu asilimia 60. Wateja wa zamani walipewa mpaka Septemba, kwa hiyo muda haukuwa tatizo. Tatizo ni kwamba tangazo liliweka mbele mipango mipya na chaguo jipya, wakati mteja alichokiona ni kulipa zaidi kwa vitu vilevile. Katika robo mwaka hiyo, Julai hadi Septemba, kampuni ilipoteza wateja wapatao 800,000 nchini Marekani. Septemba mkuu wake, Reed Hastings, aliwaandikia wateja akikiri kwamba alipaswa kuwapa maelezo kamili.

Mei 2014 kampuni hiyohiyo ilipandisha tena, kwa dola moja, kutoka 7.99 hadi 8.99. Safari hii wapya walianza kulipa mara moja, na waliokuwepo waliachwa kwenye bei ya zamani kwa miaka miwili. Bekari haiwezi kumpa mtu miaka miwili, kwa sababu unga unanunuliwa kila wiki. Inachoweza kuiga ni ule mpangilio: duka jipya linalokuja leo lianze na 1,200, na la zamani liendelee na 1,100 mpaka tarehe 14. Kinyume chake ndicho kinachoua. Mteja aliyenunua kwako miaka saba akigundua kwamba duka jipya la jirani linapewa mkate kwa 1,050 ili livutike, hakuna barua itakayomrudisha.

Wapo watakaolalamika hata kwa barua nzuri kuliko zote, na hapo msimamo unahitajika. Mteja akipiga simu kwa ukali na ukampunguzia shilingi 50 ili anyamaze, umewaadhibu wale waliokuelewa. Wenye maduka wanaongea, wanakutana sokoni na kwenye vikundi vya WhatsApp, na bei hiyo itajulikana kabla ya wiki kuisha. Kama unataka kupunguza, weka sharti ambalo kila mtu anaweza kulitimiza na liandike ndani ya barua: anayechukua mikate 100 na zaidi na kulipa taslimu atauziwa 1,170. Anayepiga simu basi anajibiwa kwa kitu kilekile walichoandikiwa wote.

Namna ya kujua kama barua imefanya kazi ni kuangalia oda, wala si maneno. Wiki ya kwanza ya bei mpya kila duka hupunguza kidogo, kwa sababu mwenye duka anajaribu walaji wake. Hilo lisikutishe. Angalia wiki ya tatu na ya nne. Duka lililokuwa likichukua 40 likashuka hadi 30 na kurudi 38 limekubali. Lililoshuka 40, 25, 15 bila kusema neno limeshapata msambazaji mwingine na linakuondoa kidogokidogo kwa heshima. Hilo linahitaji kutembelewa, mwenye bekari akiwa yeye mwenyewe, kabla halijafika sifuri. Mara nyingine utakuta sababu hata si bei: gari limekuwa likichelewa, na bei mpya imempa tu nafasi ya kuondoka.

Kwa hiyo kabla ya kuchapa barua, fungua daftari utazame ni akina nani wanaobeba nusu ya mauzo yako. Hao wachache usiwatumie karatasi kwanza. Waendee au wapigie simu, uwaambie bei, tarehe na sababu kwa mdomo wako, kisha barua iwafuate kama kumbukumbu. Waeleze na vijana wa kusambaza siku hiyohiyo, mfuko wa unga ulikuwa ngapi na sasa ni ngapi, ili asiwepo hata mmoja atakayesimama mbele ya duka akisema hajui. Na kama barua yako iko tayari mezani na tarehe ya kuanza ni kesho, tafadhali usiitume. Isogeze mbele wiki mbili, kisha anza na mteja wako mkubwa kuliko wote.